Wateja wa Mombasa wanatokea Nairobi na Mtwara: umbali unaharibikia wapi?

magodoro_mwembetayari

Wadau, salaam. Tuna duka la magodoro na mapazia hapa Mwembe Tayari, mizigo twapeleka kwa tuk-tuk na pikapu. Bei ya kupeleka tumeipanga kwa umbali: chini ya kilomita 3 ni shilingi 150, kuanzia 3 hadi 8 ni 300, kupita 8 ni 600. Siku zote aliyekuwa akikadiria ni karani wetu kwa kichwa chake, na kila mteja akaja na lake kwamba jirani yangu mbona alilipa kidogo. Nikaona kazi hii ifanywe na kompyuta, ugomvi uishe.

Nimechukua oda za zamani na anwani zake kama wateja walivyoziandika, nikazipitisha kwenye huduma moja ya kutafuta anwani inayorudisha latitudo na longitudo, kisha nikapiga haversine kutoka dukani. Fomula nimeijaribu kwa pini nilizoweka mwenyewe, dukani hadi Fort Jesus na dukani hadi Daraja la Nyali, inatoka sawa kabisa. Lakini anwani za wateja zatoka hivi:

```
anwani;km
Moi Avenue;441.2
Mikindani;693.6
Links Road Nyali;5.3
Majengo nyuma ya msikiti, Mombasa;0.9
Kisauni stage ya Mlaleo, Mombasa;0.9
Kwa Bulo karibu na posho mill, Mombasa;0.9
S.L.P. 80100 Mombasa;0.9
```

Moi Avenue naenda kwa miguu mpaka Pembe za Ndovu na kurudi kabla chai haijapoa, iweje kilomita 441? Nimefikiria kuweka kanuni kwamba chochote kinachozidi 40 kitupwe. Kuna njia bora?

Mvita_Kodi

Tatizo ni hiyo haversine yako. Inapima mstari ulionyooka juu ya tufe, na sisi hatuendi kwa mstari, tunaenda kwa Makupa na Daraja la Nyali. Tumia huduma ya njia za barabara, OSRM kwa mfano, inachora kwenye barabara halisi. La pili, ongeza neno "Mombasa" mwisho wa kila anwani, hutaona tena Nairobi wala Mtwara. Kazi ya nusu saa.

boda_wa_Bamburi

GPS ndivyo ilivyo, usishangae. Mimi nikiwa Old Town kwenye vichochoro vya Kibokoni simu yanionyesha niko baharini. Mwambie mwenye tuk-tuk atoke nje uwanjani, asubiri pini itulie.

magodoro_mwembetayari

Boda, ahsante lakini hapa hakuna simu ya mtu wala satelaiti. Ni maneno ya mteja kwenye daftari yanageuzwa kuwa nukta kwenye ramani. Gari halijatoka hata dukani.

BiRamani

Magodoro, hizo 441 na 693 usizihangaikie sana. Zimejianika zenyewe, hata karani wako angeziona. Mimi ningeshughulika na hizo 0.9.

Tazama tena orodha yako. Mlaleo na Kwa Bulo ziko ng'ambo ya Daraja la Nyali. Majengo iko huku kisiwani. Sanduku la posta si nyumba ya mtu. Vipi sehemu nne ambazo hazihusiani ziwe na umbali mmoja mpaka kwenye desimali? Kwa sababu zote nne ni nukta moja. Huduma imesoma anwani, haikuielewa "stage ya Mlaleo" wala "karibu na posho mill", ikaacha yale isiyoyajua, ikabakiwa na neno moja inalolijua vizuri: Mombasa. Basi ikakupa nukta inayouwakilisha mji mzima, ambayo kwa bahati iko karibu na duka lako. Mteja wa Mlaleo alitakiwa kulipa 300, wewe ukamtoza 150, na hakuna kengele iliyolia.

Ile kanuni yako ya kutupa kila kinachozidi 40 itaondoa makosa yanayoonekana na kuyaacha yasiyoonekana. Tena utaona orodha imekuwa safi, uanze kuiamini.

Anza na hili: hesabu kila nukta imejirudia mara ngapi. Kama faili yako ina latitudo na longitudo kwenye safu ya pili na ya tatu, na imetenganishwa kwa nukta-mkato kama ulivyofanya hapo juu, amri ni hii:

```
cut -d';' -f2,3 oda.csv | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Nukta mbili za wateja tofauti kufanana mpaka desimali ya mwisho ni nadra, labda wakae ghorofa moja. Nukta ikijirudia mara nyingi, hiyo si nyumba. Ni kitovu cha mji, au cha mtaa, au posta.

magodoro_mwembetayari

Bi Ramani, nimepiga amri yako. Juu kabisa kuna nukta moja iliyobeba karibu theluthi ya oda zote. Ya pili yake ni nukta moja ya Nyali. Kisha zinashuka ghafla, zilizobaki ni moja moja au mbili mbili.

Na kitu kingine nimekiona sasa: oda zote za ile theluthi, karani alikuwa amemalizia na neno "Mombasa". Zilizokwenda Nairobi na Mtwara ndizo hazikuwa nalo.

BiRamani

Ndipo hapo pa ushauri wa Mvita_Kodi. Nusu yake ni kweli: anwani isiyo na mji ina nafasi kubwa ya kuruka. Moi Avenue iko Mombasa na iko Nairobi, na ya Nairobi ndiyo inayotajwa zaidi, kwa hiyo huduma nyingi zitaitanguliza. Mikindani yetu iko njia ya Changamwe, lakini kuna Mikindani ya Mtwara, mji wa kale wa bandari. Kisauni iko kwetu na iko Unguja, pale penye uwanja wa ndege. Majina ya pwani yametembea na watu.

Lakini ukiongeza "Mombasa" kwenye kila mstari, umeipa huduma mahali pa kuangukia. Zamani anwani isiyoeleweka ingekosa jibu au ingekwenda mbali, ukaiona. Sasa itaangukia katikati ya mji na kukuletea kilomita 0.9. Na lipo jambo la kuchekesha kidogo: barabara iitwayo Mombasa Road iko Nairobi, na Likoni Road pia iko Nairobi, Industrial Area. Ukimwandikia mteja wako wa ng'ambo "Likoni Road, Mombasa", neno Mombasa halikuhakikishii kwamba utabaki Mombasa. Linaweza kusomwa kama sehemu ya jina la barabara.

Kuhusu OSRM, Mvita, nikuulize: ukiipa nukta ya katikati ya mji badala ya Mlaleo, itafanya nini? Itatafuta barabara iliyo karibu na nukta hiyo, itachora njia safi kutoka Mwembe Tayari, na itakwambia kilomita 1.2 badala ya 0.9. Makosa ni yale yale, yamepakwa lami tu.

Mvita_Kodi

Sawa, hilo la nukta nimekuelewa. Lakini msimamo wangu wa barabara uko pale pale, umbali wa mstari hautoshi Mombasa. Na mji uuwekeje sasa kama si mwisho wa anwani?

BiRamani

Uuweke kama mpaka wa utafutaji, usiuweke kama maneno. Kwa Nominatim, ile ya OpenStreetMap, ombi la Moi Avenue laonekana hivi:

```
https://nominatim.openstreetmap.org/search?q=Moi+Avenue
  &countrycodes=ke
  &viewbox=39.55,-3.92,39.80,-4.17&bounded=1
  &limit=5&format=jsonv2
```

Nimeikata mistari ili isomeke, wewe iandike mfululizo. `countrycodes=ke` yaondoa Mikindani ya Mtwara na Kisauni ya Unguja papo hapo. `viewbox` ni sanduku la pembe mbili linalozunguka kaunti yetu, longitudo ikitangulia. `bounded=1` yasema usitoke nje ya sanduku. Na `limit=5` ndiyo watu wengi huiacha: ukiomba jibu moja, huduma itakuchagulia kimya kimya. Ukiomba matano, utaona kama kulikuwa na shaka.

Hapa angalia vizuri, majibu kuwa mengi si shaka peke yake. Barabara moja kwenye ramani imekatwa vipande, na vipande viwili vya Moi Avenue vinaweza kuja kama majibu mawili. Kinachohesabiwa ni majibu hayo yameachana kiasi gani. Yakiwa matano ndani ya kilomita moja, ni kitu kimoja. Yakiwa mawili, moja kisiwani na jingine ng'ambo ya kivuko, hapo hujapata anwani, umepata swali.

Huduma hazifanani kwa tabia. Nominatim isipoyapatia mahali maneno ya anwani, mara nyingi hurudisha orodha tupu, na hilo ni jibu zuri kwako. Ile ya Google hukupa ilichoweza kukipata, lakini hukuachia alama mbili: `partial_match` ikiwa haikuoana na maneno yote, na `location_type`. Ukiona `ROOFTOP` ni jengo lenyewe. Ukiona `GEOMETRIC_CENTER` ni katikati ya kitu, kama barabara au mtaa. `APPROXIMATE` maana yake ni eneo kwa ujumla. Watu huchukua latitudo na longitudo, wakazitupa alama hizi. Ukishazitupa, nukta ya mlangoni na nukta ya mji mzima zinafanana kabisa kwenye spredishiti yako.

Na kabla hujaanza: Nominatim ya bure hairuhusu zaidi ya ombi moja kwa sekunde, na yakutaka uhifadhi majibu, usiulize anwani ile ile kila siku.

swali_la_data

Nichomekee kidogo. Mimi wangu hawaendi Nairobi, wanaenda Hispania. Kila mteja wa kisiwani anatua kusini kidogo ya mji wa Toledo. Nayo ni anwani zenye utata?

BiRamani

Hapana, hiyo umegeuza safu. Mombasa ni latitudo -4.05 na longitudo 39.67. Zibadilishe nafasi upate 39.67 kaskazini na 4.05 magharibi, uko hapo Toledo. GeoJSON hutanguliza longitudo, fomula nyingi za haversine hutaka latitudo kwanza. Ukija ukamkuta mteja kusini mwa Ethiopia, jua alama ya kutoa imedondoka.

magodoro_mwembetayari

Nimejaribu ombi lako kwa Moi Avenue na limerudi nyumbani, alhamdulillahi. Lakini mteja wa Moi Avenue hajaandika namba ya jengo. Moi Avenue ni ndefu, inaanzia Digo Road inapita Pembe inaelekea bandarini. Nukta niliyopewa ni ipi sasa? Na ya Links Road Nyali ile 5.3, niiamini?

BiRamani

Swali hili ndilo nililokuwa nalingoja. Nukta uliyopewa ni mahali fulani kwenye barabara, si lazima mteja wako awe anakaa pale. Kwa hiyo usiichukue kama nukta, ichukue kama duara. Majibu ya Nominatim yana `boundingbox`: latitudo ya kusini, ya kaskazini, longitudo ya magharibi, ya mashariki. Mpangilio wake si ule wa `viewbox`, usivichanganye.

Tuseme sanduku la barabara yako, ukishaunganisha vipande vyake vyote, limetoka hivi:

```
"boundingbox": ["-4.0640","-4.0560","39.6500","39.6700"]
```

Kutoka kusini hadi kaskazini ni digrii 0.008. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, basi hapo ni kama kilomita 0.9. Kutoka magharibi hadi mashariki ni digrii 0.02, na kwetu tulio karibu na ikweta digrii ya longitudo karibu inalingana na ya latitudo, kwa hiyo kilomita 2.2. Mstari wa pembe hadi pembe ni kilomita 2.4. Nusu yake, 1.2, ndiyo nusu-kipenyo cha kutojua kwako. Kama umbali kutoka dukani hadi nukta ni 0.8, mteja yuko popote kati ya sifuri na kilomita 2.0.

Sasa linganisha na bei zako. Sifuri hadi 2.0 yote iko chini ya 3. Mteja awe Digo Road au karibu na bandari, analipa 150. Anwani ni pungufu lakini bei haina shaka, usimsumbue kwa simu.

Fanya hivyo hivyo kwa anwani iliyosema "Nyali" tu, bila barabara. Tuseme sanduku lake ni digrii 0.05 kwa 0.04. Hiyo ni kilomita 5.6 kwa 4.4, pembe hadi pembe 7.1, nusu yake kama 3.6. Umbali hadi kitovu 5.0. Basi mteja yuko kati ya 1.4 na 8.6, na hapo umepita katika bei zote tatu. Ile 5.0 iliyokaa vizuri katikati ya bei ya 300 haikwambii chochote. Huyo ndiye wa kupigiwa simu.

```
chini = max(0, d - r)
juu   = d + r
if bei(chini) == bei(juu):
    toza(bei(d))
else:
    uliza_mteja()
```

Ya Links Road ipime vivyo hivyo kwa sanduku lake mwenyewe. Usiniulize mimi niiamini 5.3 au la, uliza 5.3 ukitoa na ukijumlisha ngapi.

Mvita_Kodi

Hii nimeipenda, sikudanganyi. Kwa hiyo ukiweka sanduku la kaunti na nusu-kipenyo, umemaliza?

BiRamani

La. Nusu-kipenyo hukwambia kitu ulichokipata ni kikubwa kiasi gani. Hakikwambii kama ndicho. Chukua "Majengo nyuma ya msikiti". Nairobi umeshaiondoa kwa sanduku, lakini ndani ya sanduku kuna Majengo hii ya kisiwani, na Likoni kuna Majengo Mapya ambako wenyeji husema Majengo tu. Kila mmoja kwa upande wake ni mtaa mdogo, sanduku lake dogo, nusu-kipenyo kizuri. Fomula itapitisha bila wasiwasi, na mzigo utakwenda upande usio wake wa kivuko. Msikiti nao hausaidii, nitajie Majengo isiyo na msikiti. Dawa yake ni ile orodha ya majibu matano, na hata hiyo inategemea kama ramani yawajua wote wawili. Mtaa usiochorwa ramanini hauwezi kujitokeza kama mshindani.

Na sanduku lenyewe lina lawama yake. Mteja wa Diani au Kaloleni ya Kilifi yuko nje ya pembe zile nilizokupa. Ukimlazimisha ndani kwa `bounded=1`, bora upate orodha tupu. Ubaya ni pale huduma inapoliokota duka au hoteli ya Mombasa yenye jina hilo ikakupa kama jibu. Kama mna wateja wa Kwale na Kilifi, panua sanduku, halafu uishi na utata utakaoongezeka.

mama_achari_Likoni

Wanangu, mie si mtu wa kompyuta, nauza achari na mabuyu kutoka nyumbani Likoni. Lakini nimeusoma uzi huu wote kwa sababu haya ndiyo yanayonipata. Wateja wa town wakiweka oda kwenye simu waona Likoni ni kilomita tatu, wataka kutozwa kama mtu wa Majengo. Hawaoni kivuko. Mwenye pikapu apanga foleni, alipa nauli ya feri, na siku feri zikiwa chache asubuhi yote imekwisha. Kuna mwengine aliniambia simu yake yamwonyesha niko Nairobi, nikamwambia basi achari utaipata kesho kutwa.

Mvita_Kodi

Mama, hiyo ndiyo hoja yangu ya mwanzo! Haversine inaruka juu ya maji.

BiRamani

Hapo Mvita una haki yako, nami sikupingi. Kutoka Mwembe Tayari hadi Likoni kwa mstari ni chini ya kilomita 3 hivi, na nukta zote mbili zaweza kuwa sahihi kabisa. Kwa gari lisilopanda feri njia ni Makupa, Changamwe, Miritini, kisha Dongo Kundu, na hiyo ni zaidi ya kilomita 30. Hapa kosa haliko kwenye anwani, liko kwenye kipimo. Nilichokataa ni kuponya anwani mbovu kwa kipimo kizuri. Mpangilio uwe: kwanza nukta iwe ya kweli, kisha ndiyo tubishane juu ya mstari na barabara. Tena huduma ya njia yenyewe iangalie inafanyaje na feri, maana moja itakupandisha kivukoni na nyingine itakuzungusha Dongo Kundu, bei mbili tofauti kwa mteja mmoja.

boda_wa_Bamburi

Mimi niseme kama mtu wa barabarani. Anwani hizi hakuna anayezisoma. Mteja anasema "shuka stage ya Bombolulu, uliza kwa fundi viatu, ukifika nipigie". Ramani gani itaijua hiyo? Mwambieni mteja atume pini ya WhatsApp, kwisha.

magodoro_mwembetayari

Hilo la pini nimelifikiria, na kwa oda mpya huenda ndilo litakuwa. Ila oda za zamani zina namba za simu za watu ambao wengine wamehama.

Mvita_Kodi

Pini ndiyo suluhisho, boda kanena. Inakuja na latitudo na longitudo tayari, hakuna kutafsiri maneno.

boda_wa_Bamburi

Ngoja, sijamaliza. Pini nayo ina mambo yake. Mtu akiwa kazini Shimanzi abonyeza "mahali nilipo", atuma. Godoro lenyewe laenda kwake Mtopanga. Mimi nimefika Shimanzi na mzigo kichwani, mwenyewe aniambia "si hapo, ni nyumbani". Na mwengine akutumia pini ya zamani aliyoihifadhi.

BiRamani

Boda amesema kitu ambacho fomula haiwezi kukiona: pini ni sahihi kwa mita chache, na bado ni ya mahali pengine. Nusu-kipenyo chake kidogo, ukweli wake haupo. Mimi ningeomba vyote viwili, pini na jina la mtaa, kisha nikavilinganisha. Mteja akisema Mtopanga na pini ikawa Shimanzi, mashine ikatae kutoza mpaka mtu athibitishe.

Mvita_Kodi

Mtaka vyote hukosa wateja. Mtu anayenunua godoro hataki kujaza fomu mbili. Mimi ningechukua pini peke yake na kukubali hasara ya wachache.

BiRamani

Tutatofautiana hapo. Inategemea hasara ya safari moja ya bure ni kiasi gani, na hilo magodoro anajua kuliko sisi.

magodoro_mwembetayari

Kwa pikapu ni kubwa, kwa tuk-tuk naweza kuvumilia. Labda nitafanya pini tu kwa mizigo midogo, na vyote viwili kwa magodoro. Sijaamua.

Nilichokifanya mpaka sasa ni hiki. Sanduku la posta nimelitoa kabisa kwenye utafutaji, maana 80100 ni msimbo wa Posta kuu ya Mombasa, na mwenye sanduku pale anaweza kulala Utange. Nimeongeza safu mbili kwenye faili, nusu-kipenyo na hali. Orodha yaonekana hivi sasa:

```
anwani;km;r;hali
Moi Avenue;0.8;1.2;toza 150
Mikindani;6.8;0.9;toza 300
Nyali;5.0;3.6;piga simu
Majengo nyuma ya msikiti;-;-;piga simu
Kisauni stage ya Mlaleo;-;-;piga simu
S.L.P. 80100;-;-;si mahali
```

Karani amenuna. Asema zamani kila mstari ulikuwa na namba na kazi ilikuwa inakwenda, sasa nimemletea orodha ya watu wa kupigiwa simu. Wa Mlaleo wawili wameshapatikana, wote ni 300.

Mvita_Kodi

Hiyo Mikindani, 6.8 ukijumlisha 0.9 ni 7.7. Imepita kwa kuponea chupuchupu. Na hapo ni mstari. Kwa barabara lazima uvuke Makupa, utazidi 8.

BiRamani

Kweli. Ukihamia barabara, bendi zako za bei zihame pia, kwa sababu uliziweka ukiwa unafikiria mstari au unafikiria barabara?

magodoro_mwembetayari

Aliziweka karani. Nitamuuliza.

mama_achari_Likoni

Na wa Likoni je, mwanangu, umetuweka safu gani?

magodoro_mwembetayari

Mama, Likoni nimeitoa kwenye fomula. Bei yake naiandika kwa mkono: nauli ya feri ya pikapu, na saa za foleni kama dereva atakavyonipa. Na anayeandika Majengo, swali la kwanza kwenye simu ni kama avuka kivuko au havuki.

boda_wa_Bamburi

Muulize na jina la msikiti.